Kurudi chuoni Marekani baada ya msiba: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi mmoja wa Pwani

Kisa hiki ni cha kati ya Machi 2023 na Mei 2025. Jina la mwanafunzi, mji wake na chuo chake nimeviondoa, na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyafunika ili asitambulike. Tutamwita Mwanaisha. Nimekiandika kwa ajili ya wanafunzi wetu walioko Marekani na kwa familia zao, kwa sababu wengi hudhani kurudi masomoni ni kukata tiketi tu na kuendelea pale ulipoachia.

Usuli

Mwanaisha anatoka Pwani ya Kenya. Aliingia chuo kikuu cha umma katikati ya Marekani Agosti 2021 kusomea sayansi ya kompyuta, shahada ya miaka minne yenye kredi 120. Gharama ya mwaka mzima, pamoja na malazi, chakula na bima, ilikadiriwa na chuo kuwa dola 38,000. Chuo kilimpa ufadhili wa dola 14,000 kwa mwaka. Dola 24,000 zilizobaki zilitoka kwa baba yake, mfanyabiashara, na ni jina la baba huyo lililokuwa kwenye karatasi zote za udhamini.

Kwa wasiojua, mwanafunzi wa viza ya F-1 hubebwa na vitu viwili. Cha kwanza ni hati ya I-20 inayotolewa na chuo. Cha pili ni kumbukumbu yake katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS, ambamo afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni huandika kama mwanafunzi anasoma, ameacha, au amehamia kwingine. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kufika mpakani. Kinachomweka mwanafunzi ndani ya nchi kihalali ni hiyo kumbukumbu. Inaweza kufungwa huku viza ikiwa bado ina miaka mbele yake, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kuondoka

Mwanzoni mwa Machi 2023, muhula ukiwa nusu, baba yake alipatwa na kiharusi. Mama alimpigia simu usiku akamwambia baba hasemi. Mwanaisha ndiye mtoto mkubwa, na mdogo wake wa kiume alikuwa bado kidato cha tatu.

Alitaka kuondoka kesho yake bila kumwambia mtu chuoni. Mwenzake mmoja wa chumba alimshika mkono akampeleka kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni, na ziara hiyo ndiyo iliyookoa mambo mengi ya baadaye. Afisa alimweleza kwamba akiondoka kimya na kuacha kuhudhuria, kumbukumbu yake itafungwa kwa sababu ya kuacha masomo bila idhini, na doa hilo litamfuata kila atakapoomba viza. Lakini akiomba kabla, kumbukumbu itafungwa kwa sababu nyingine, yaani kujitoa kwa idhini, naye atapewa siku 15 za kuondoka nchini. Matokeo ya siku ile ni yale yale, anakwenda nyumbani. Tofauti iko katika neno linaloandikwa.

Afisa alimwambia pia habari ya miezi mitano. Mwanafunzi aliyejitoa kwa idhini akirudi kabla ya miezi mitano kupita, chuo kinaweza kuomba kumbukumbu ile ile ifunguliwe, naye akaendelea na I-20 yake. Ikipita, ni kuanza upya: I-20 mpya, namba mpya ya SEVIS, ada mpya ya SEVIS ya dola 350, na kwa kawaida viza mpya hata kama ya zamani haijaisha muda.

Kumbukumbu ilifungwa 17 Machi. Muda wake ulikuwa unaishia 17 Agosti, na masomo ya muhula uliofuata yalikuwa yanaanza juma la tatu la Agosti. Mpango ukawa huo: auguze, arudi mapema Agosti. Masomo yote matano ya muhula ule yaliandikwa W kwenye nakala ya matokeo, yaani amejitoa. Kwa kuwa muda wa kurudishiwa karo ulikwishapita, alibaki na deni la dola 2,300 kwa chuo.

Julai 2023

Baba alifariki 14 Julai.

Kwa hesabu ya chuo, Mwanaisha alikuwa na mwezi mmoja na ushei wa kuwahi. Kwa hesabu ya nyumbani, arobaini ya baba ilikuwa inaangukia wiki ya nne ya Agosti, na mama yake alikuwa ameingia eda ya miezi minne na siku kumi, hadi karibu na mwisho wa Novemba. Mama aliye edani hatoki ovyo, na kulikuwa na mambo ya kushughulikia nje: hospitali iliyokuwa ikidai, duka, karatasi za kifo. Mdogo wake alikuwa shule ya bweni. Nani angeyafanya?

Juu ya hayo, akaunti ya baba ilifungwa na benki mara ilipopata taarifa ya kifo, kama ilivyo kawaida, mpaka mirathi ishughulikiwe. Kwa Waislamu wa Kenya mirathi hiyo huenda Mahakama ya Kadhi. Hata kama angepanda ndege Agosti, karo ya muhula isingekuwapo.

Siku chache baada ya maziko alimwandikia afisa barua pepe, akaambatanisha cheti cha kifo, akasema hatarudi Agosti na hajui atarudi lini. Ofisi ya ufadhili nayo aliiandikia mbali. Kanuni yao ilikuwa kwamba anayekosekana zaidi ya mihula miwili hupoteza ufadhili. Aliomba kuongezewa muda, wakamkubalia hadi Agosti 2024, kwa maandishi.

Maamuzi na sababu zake

Kulikuwa na nafasi mbili za kurudi: Januari 2024 au Agosti 2024. Wajomba walitaka Januari. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto akikaa sana nyumbani atakata tamaa, na kila muhula unaopita ni umri unaopita. Mimi niliingia katika kisa hiki wakati huo, familia iliponitafuta kwa ushauri. Niliunga mkono Agosti, kwa mambo matatu.

La kwanza ni uthibitisho wa fedha. Ili chuo kitoe I-20 mpya, lazima kione fedha za mwaka wa kwanza ziko na zinapatikana. Si shamba wala nyumba. Mirathi ilikuwa bado iko kwa Kadhi, na hakuna aliyeweza kusema itaisha lini. Ilibidi wadhamini wapya watafutwe. Mtoto wa shangazi yake, anayefanya kazi Maskati, alijitolea dola 9,000 kwa mwaka. Zilizobaki 15,000 zilikuwa ziwe za mjomba pamoja na kodi za vyumba viwili vya biashara ambavyo vilikuwa kwa jina la mama tangu zamani, hivyo havikuwamo katika mirathi.

La pili ni shilingi. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Sehemu ya Maskati haikuathirika, kwa kuwa rial ya Oman imefungwa kwenye dola. Lakini dola 15,000 za nyumbani zilikuwa shilingi milioni 2.4. Kuanzia Februari shilingi ilipata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130, kwa hiyo fedha ile ile ikawa milioni 1.95. Sidai kwamba tuliona jambo hilo likija. Tulichojua ni kwamba kwa 160 mjomba hawezi, na kukopa kwa bei ile kungemfunga mama deni akiwa ndiyo kwanza ametoka eda.

La tatu halizungumzwi sana, na kwangu lilikuwa zito kuliko yote mawili. Mwanafunzi wa F-1 haruhusiwi kufanya mafunzo ya kazi nje ya chuo mpaka amalize mwaka mzima wa masomo. Kumbukumbu mpya ya SEVIS huanza kuhesabu mwaka huo upya, na mihula mitatu aliyosoma 2021 na 2022 haihesabiki tena kwa jambo hili, ingawa kredi zake 45 zilibaki salama. Angerudi Januari 2024, kiangazi cha mwaka huo kingemkuta na muhula mmoja tu, na nafasi ya mafunzo ingempita. Akirudi Agosti 2024, kufikia Mei 2025 ana mihula miwili kamili, na kiangazi hicho anaweza kuomba. Katika sayansi ya kompyuta mafunzo ya kiangazi ndiyo mlango wa kazi. Miezi saba ya kungoja haikumpotezea kiangazi chochote alichokuwa na uwezo wa kukitumia.

Deni la dola 2,300 lililipwa kwanza, Februari, kabla ya jambo lolote. Chuo huweka kizuizi kwenye jina la mwenye deni, na akiwa na kizuizi hawezi kusajili somo wala kupata nakala rasmi ya matokeo, ambayo ubalozini huulizwa.

Viza

I-20 mpya ilitoka Aprili. Alilipa dola 350 za SEVIS na dola 185 za viza, akajaza fomu ya DS-160, akapata miadi Juni katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi.

Aliulizwa kwa nini ana W tano. Alitoa barua ya afisa wa chuo iliyosema alijitoa kwa idhini tarehe fulani kwa ugonjwa wa mzazi, na cheti cha kifo. Swali hilo likafungwa hapo hapo. Lililomtoa jasho lilikuwa la pili: huyu wa Maskati ni nani kwako, na kwa nini akulipie? Barua ya udhamini alikuwa nayo, pamoja na taarifa ya benki ya mwezi mmoja. Afisa wa ubalozi hakumnyima moja kwa moja, ila alimpa karatasi ya kifungu 221(g), yaani maombi yamesimama mpaka alete nyaraka zaidi. Zilitakiwa taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri na kitu kinachoonyesha undugu. Undugu ulithibitishwa kwa vyeti vya kuzaliwa vya baba yake na vya shangazi, vyenye majina ya wazazi wale wale. Viza ilitoka baada ya wiki kadhaa, mwanzoni mwa Julai.

Kutangaza kurudi

Tangu I-20 ilipotoka Aprili mama alitaka jamaa waambiwe. Mwanaisha alikataa mpaka viza iwe mkononi. Alisema amekwishaagwa mara moja na ukoo mzima, hataki kuagwa kisha abaki. Karatasi ya 221(g) ilipotoka Juni, watu wanne tu ndio waliokuwa na wasiwasi, si ukoo.

Ujumbe wake kwa kundi la ukoo, uliotumwa Julai, ameniruhusu niunukuu:

"Assalaam alaykum jamaa zangu. Viza imetoka, na inshallah mwezi wa nane narudi chuoni. Nimefurahi, na nina majonzi, yote mawili, na sitaki kuficha moja wapo. Mara ya kwanza Baba ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege. Wenzangu niliowaanza nao watamaliza mwakani, mimi nitamaliza mwisho wa 2026 Mungu akipenda. Sikuacha masomo kwa kushindwa, na sirudi kwa kuwa nimemsahau. Karo ya mwaka huu imepatikana, siombi mchango. Naomba dua."

Kwa mwalimu wake mlezi chuoni aliandika tofauti: tarehe ya kufika, masomo aliyokuwa katikati yake alipoondoka, na kwamba hesabu yake imelala mwaka mmoja na nusu. Habari ya baba ilikuwa sentensi moja. Kwa marafiki wawili wa darasa lake la zamani alituma sauti, na sijui alisema nini, wala haikuwa haki yangu kujua.

Kundini majibu yalianza kwa dua. Kisha shangazi mmoja akauliza: "Na mama yako unamwachia nani?" Baada yake wengine wanne wakauliza hilo hilo kwa maneno mengine, na kwa saa kadhaa kundi zima likawa ni kuhusu mama. Mwanaisha aliandika majibu na kuyafuta. Mwisho mama mwenyewe alituma sauti fupi: "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nyumba yangu ina watu. Mwombeeni." Mjadala ukaisha.

Matokeo

Alifika Agosti 2024, ndani ya siku 30 kabla ya masomo kuanza, kama I-20 mpya inavyotaka. Alisajili kredi 12, kiwango cha chini kabisa cha mwanafunzi wa F-1 wa shahada ya kwanza, ili apumue. Miongoni mwake lilikuwamo somo la miundo ya data ambalo alikuwa ameliacha katikati.

Wiki ya sita alitaka kuacha somo moja la hesabu. Hakuweza. Kushuka chini ya kredi 12 bila idhini ya afisa ni kuvunja masharti ya hadhi yake, na idhini hutolewa kwa sababu maalumu tu, kama ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Alibaki nalo, akaenda kituo cha msaada wa hesabu mara mbili kwa wiki, akapata C+. Mengine yalikuwa B na juu yake. Muhula wa pili alichukua kredi 16. Mei 2025 alikuwa na kredi 73, na kiangazi hicho aliidhinishiwa mafunzo ya kazi.

Mwezi huo huo wenzake walihitimu. Alihudhuria sherehe. Aliniambia kwamba kwa siku mbili kabla yake hakula vizuri, na kwamba kilichomshtua ni kukuta baadhi yao hawakujua kabisa kuwa hakuwapo kwa mwaka mmoja na nusu.

Uchambuzi

Jambo lililobeba kisa chote ni ziara ya Machi 2023 kwa afisa. Barua ile moja ndiyo iliyojibu swali la W ubalozini. Nimeona wanafunzi walioondoka kimya kwa msiba kama huu huu, wakiwa na huzuni ile ile, na walipotaka kurudi ilibidi waeleze kwanza kosa lisilokuwa nia yao. Familia zinazopiga simu usiku na habari mbaya zinaweza kusaidia sana kwa kuuliza swali moja: je, ofisi imeambiwa?

Kuacha muda wa miezi mitano upite kulionekana hasara kwa watu wengi, nami nasema ulikuwa uamuzi sahihi. Gharama yake ya moja kwa moja ilikuwa dola 535 za ada, safari ya Nairobi na kuanza upya hesabu ya mafunzo ya kazi. Kurudi Agosti 2023 kungemfikisha chuoni bila karo, katikati ya arobaini ya baba yake, na kwa hali hiyo kumbukumbu iliyofunguliwa upya ingefungwa tena baada ya wiki chache, safari hii kwa kutosajili masomo. Muda huo una thamani kwa mtu mwenye kitu cha kurudia. Uamuzi ungekuwa tofauti kama ada ya muhula ule ingekuwa tayari chuoni, au kama mdogo wake angekuwa mtu mzima.

Lililoshindikana ni maandalizi ya udhamini wa Maskati. Udhamini wa binamu ni jambo la kawaida kabisa kwetu, kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kuuthibitisha. Kwa afisa asiyejua koo zetu, mtoto wa shangazi aliye nchi ya tatu ni mtu baki. Vyeti vya kuzaliwa vya wazazi, taarifa za benki za miezi sita na barua ya mwajiri vingekuwa kwenye bahasha siku ya kwanza, 221(g) huenda isingetokea. Mwombaji mwingine mwenye miadi ya mwisho wa Julai angekosa muhula kwa kuchelewa kama huko.

Kredi 12 nazo zilimbana alipodhani zitamlegezea. Mwanafunzi wa nyumbani akichukua kredi 12 anaweza kuacha moja akapumzika. Wa F-1 akichukua 12 hana pa kurudi nyuma. Kwa anayerudi na msiba mbichi ningependekeza 15, moja ya masomo ikiwa nyepesi na inayoweza kuachwa bila kuvuruga mfuatano wa masomo mengine, na ajue tarehe ya mwisho ya kuacha somo kabla muhula haujaanza.

Kuhusu tangazo lake, kungoja viza kulikuwa busara, na kusema wazi kwamba haombi mchango kuliondoa dhana ambayo ingemtangulia, kwa kuwa safari ya kwanza ilichangiwa. Kuweka furaha na majonzi pamoja kuliwapa watu ruhusa ya kumpongeza na kumpa pole katika pumzi moja, na wengi walifanya hivyo. Pengo lilikuwa mama. Mwanaisha alikuwa amekwishapanga kila kitu: mdogo wake alihamia shule ya kutwa, na dada wa mama alihamia nyumbani. Hakuandika neno lolote kuhusu hilo, kwa sababu kwake ndilo lililouma zaidi na hakutaka kulifungua mbele ya watu. Ukoo ulisoma kimya hicho kama kutojali. Sentensi moja, kwamba Halati amehamia kwa Mama, ingetosha kuzuia saa zile.

Atamaliza Desemba 2026 ikiwa atachukua wastani wa kredi 16 kwa muhula. Udhamini wa Maskati unategemea mkataba wa kazi unaofanywa upya kila baada ya miaka miwili, na huo unakwisha katikati ya 2026, kabla ya muhula wake wa mwisho. Kwa sasa mjomba anaweka kando sehemu ya kodi za vyumba kwa ajili ya muhula huo.